Lafudhi Haina Kosa, Mkazo Unalo

Mpwa wangu ni mwongozaji msaidizi wa watalii katika njia ya Marangu. Akishuka mlimani huja kwetu Kahe kupumzika siku mbili tatu kabla hajaitwa tena, na ni hapa barazani aliponisimulia kisa kilichonifanya nishike kalamu.

Jioni moja, kwenye vibanda vya Horombo, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari, alikuwa akipita kwa wageni wake mmoja mmoja kuwauliza yale ambayo kila mwongozaji huyauliza: kichwa kinauma? Umetapika? Jana ulilala? Hamu ya kula ikoje? Hilo la mwisho ndilo lililomkwamisha. Kiingereza cha hamu ya kula anakijua. Amekisoma shuleni, anaweza kukiandika gizani bila kukosea hata herufi moja. Akalitamka neno hivi: a-PE-tait. Mgeni wake, mama wa makamo kutoka Uingereza, akamtazama kidogo, kisha akamjibu kwa upole kwamba mbwa wake hajambo, amemwacha kwa jirani.

Mama yule alikuwa amesikia "pet", yaani mnyama afugwaye ndani ya nyumba. Mpwa wangu akarudia, safari hii kwa sauti ya juu zaidi, akilikaza neno palepale alipolikaza mwanzo. Mama akazidi kupotea. Mwishowe kijana akajishika tumbo, akapeleka vidole mdomoni kama anayekula ugali, na hapo ndipo walipoelewana. Kumbe tangu mchana yule mama hakuwa ametia kitu tumboni, na mlimani kukosa hamu ya kula pamoja na kuumwa kichwa ni dalili ambayo mwongozaji hapaswi kuipita.

Neno lilikuwa sahihi. Lilipaswa kutamkwa AP-i-tait, mkazo ukiwa kwenye silabi ya kwanza. (Humu ndani nitaandika maneno ya Kiingereza kwa herufi zetu, kadiri yanavyosikika, na silabi yenye mkazo nitaiandika kwa herufi kubwa.)

Nilipowasimulia walimu wenzangu kisa hiki, jibu lilikuja haraka, na najua ndilo jibu ambalo wengi wanaosoma makala hii wangelitoa. "Mwalimu, acha kasumba. Sisi si Waingereza. Lafudhi yetu ni yetu, kama Mhindi alivyo na yake na Mskoti yake. Maadamu neno ni lenyewe na sarufi imenyooka, asiyeelewa ana lake." Mmoja akaongeza kwamba mama yule alielewa vizuri sana, ila alitaka kumdhalilisha kijana wa watu.

Wanaosema hivyo nawaheshimu, kwa sababu nusu ya maneno yao ni kweli tupu. Mtu wa Kahe hana sababu ya kuona haya kwa lafudhi yake. Akisema "dis" badala ya kutoa ulimi nje ya meno, ataeleweka. Akivuta irabu zake wazi kama anavyozivuta katika Kiswahili, ataeleweka. Kosa lao ni kuuchukua mkazo na kuutia katika kapu moja na lafudhi, kana kwamba ni pambo la sauti tu. Mkazo ni sehemu ya neno lenyewe, na jambo hilo tunalijua sote tangu utotoni, ila hatujawahi kulifikiria.

Chukua neno letu barabara. Ukisema ba-ra-BA-ra, unazungumzia njia ya magari, ile inayotoka Himo kwenda Moshi. Ukisema ba-RA-ba-ra, unasema kazi imefanyika sawasawa, bila kasoro. Herufi ni zilezile nane, kwa mpangilio uleule. Hakuna Mswahili atakayesema kwamba tofauti hiyo ni lafudhi. Sasa mwazie mgeni anayejifunza Kiswahili, anakuja kwako na kusema anataka ki-ta-BU. Utasimama kidogo kumtazama. Utamwelewa kwa kuwa ameshika kalamu na amesimama mbele ya duka la vitabu, lakini akikwambia hivyohivyo kwa simu, katikati ya sentensi ndefu, huenda usimpate. Hapo hujawa na kasumba wala dharau. Sikio lako limetafuta neno pale linapokaa siku zote, likalikosa.

Na hapa ndipo penye kiini cha jambo. Katika Kiswahili mkazo hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, isipokuwa maneno machache kama hilo barabara la kazi nzuri. Kwa hiyo sisi, bila kujua, tumeuzoea mkazo kuwa alama ya mwisho: ukiusikia, ujue imebaki silabi moja tu na neno linafungwa. Mwingereza ameuzoea kinyume chake. Kwake mkazo ni alama ya mwanzo. Anne Cutler na mwenzake David Carter walichapisha mwaka 1987 hesabu ya maneno ya mazungumzo ya Kiingereza, wakakuta kwamba maneno kama tisa katika kila kumi yenye maana kamili, ukiacha viunganishi na vijineno vidogo, huanza na silabi nzito. Mtu aliyekulia katika lugha kama hiyo hufanya jambo la akili: kila anaposikia silabi nzito, hukata hapo na kuanza kutafuta neno jipya.

Rudi sasa Horombo. Kijana amesema a-PE-tait. Sikio la mama likakutana na silabi dhaifu, a, likaipita kama kijineno kisicho na uzito, maana Kiingereza kimejaa vijineno vya sauti hiyo. Kisha likakutana na PE iliyokazwa, likakata hapo, likaanza kutafuta neno linaloanza hivyo, na neno lililo karibu kabisa ni "pet". Ile "ait" ya mwisho ikabaki inaning'inia bila kazi. Mama hakumdharau mtu. Alifuata njia ambayo masikio ya watu wake hufuata kila siku, na ikampeleka kwa mbwa wake. Kijana alipopandisha sauti kwenye PE ileile, alizidi kumsukuma kulekule.

Atakayesema kwamba kisa kimoja si hoja namwelewa. Basi tutoke Kahe. Mtaalamu wa Kihindi, R. K. Bansal, alichunguza katika miaka ya 1960 jinsi Kiingereza cha Wahindi kinavyosikika masikioni mwa Waingereza. Wahindi hao walikuwa wasomi, sarufi yao safi. Neno la "jana", ambalo Mwingereza hulitamka YES-ta-dei, lilipotamkwa na mkazo kwenye silabi ya pili, msikilizaji alisikia maneno mawili, "o STA-di", yaani "au kusoma". Neno la hewa izungukayo dunia, AT-mos-fia, lilipokazwa katikati likasikika "mast fia", yaani "lazima uogope".

Yatazame maneno hayo kwa makini. Msikilizaji hakuzitii herufi, aliutii mkazo. Sauti nyingine alizitupa, nyingine akazigeuza, alimradi apate neno linalokubaliana na pale alipousikia uzito. Hili ndilo linalowashinda wenzangu kulikubali. Wanadhani msikilizaji husikia herufi kwanza, kisha mkazo huja kama chumvi. Kwa Mwingereza mkazo ndio chungu chenyewe.

Kuna upande mwingine wa hoja yao ulio mzito zaidi, na huo umeandikwa na wasomi. Jennifer Jenkins, katika kitabu chake cha mwaka 2000 kuhusu Kiingereza cha kimataifa, alipendekeza orodha ya mambo ya matamshi yanayohitajika ili watu wa mataifa mbalimbali waelewane kwa Kiingereza, na mkazo wa neno mojamoja hakuutia katika orodha hiyo. Hoja yake ni kwamba watumiaji wengi wa Kiingereza leo si Waingereza. Mtanzania anazungumza na Mchina, Mchina na Mbrazili, na wote hao hawana sikio la Mwingereza. Tena, kanuni za mkazo wa Kiingereza ni ngumu mno kufundishika.

Sehemu ya hoja hiyo naikubali bila shida. Mimi nikizungumza Kiingereza na Mganda au Mkenya, naweza kusema e-mer-JEN-si na tukaelewana vizuri, kwa sababu naye amelelewa katika lugha ya Kibantu au amezoea masikio ya hapa kwetu. Mkazo wangu uliohama amehama nao. Lakini John Field alipochapisha utafiti wake mwaka 2005, aliwajaribu wasikilizaji wa aina zote mbili, waliozaliwa na Kiingereza na waliojifunza ukubwani, akawasikilizisha maneno ambayo mkazo wake umehamishwa makusudi. Wote walipata tabu, wageni wa lugha pia. Na alikuta jambo ambalo kwetu lina uzito wa pekee: mkazo ukihamishwa kwenda kulia, yaani kuelekea mwisho wa neno, wasikilizaji hupotea zaidi kuliko ukihamishwa kwenda kushoto.

Nenda sasa kasikilize jinsi sisi tunavyokosea. Kwa kuwa mazoea yetu ni silabi ya pili kutoka mwisho, neno la Kiingereza lenye silabi tatu na mkazo mwanzoni tunalivuta kwenda kulia karibu kila mara. OK-si-jen tunasema ok-SI-jen. AL-ti-tyud, neno ambalo mwongozaji wa mlimani hulitaja mara ishirini kwa siku, tunasema al-TI-tyud. AM-byu-lans linakuwa am-BYU-lans, na kiwango cha joto au baridi, TEM-pri-cha, tunakiita tem-pe-RE-cha. Kosa letu ndilo lile lile la upande unaoumiza zaidi.

Wapo wasemao tumeharibiwa na maneno ya mkopo, kwamba tunatamka hivyo kwa sababu Kiswahili kimeyabadili. Ukichunguza utaona si hivyo. Kahe ni njia panda ya reli, pale ya kutoka Tanga inapokutana na ile ya kutoka Voi na Taveta, na watu wa hapa wameishi na stesheni, tikiti na injini tangu enzi za mababu. Maneno hayo ni ya Kiswahili sasa, na mkazo wake ni wetu, wala hayana deni kwa mtu. Na mengine yamebaki na mkazo wa Kiingereza bila sisi kukusudia: tunaposema ho-TE-li na po-LI-si, tunakaza palepale Mwingereza anapokaza, ho-TEL na po-LIS. Ajabu ni kwamba kijana anapotaka kusema Kiingereza hasa, huikata ile i ya mwisho kisha akaipeleka kanuni yetu kwenye kisiki kilichobaki, akasema HO-tel na PO-lis. Kiswahili kilikuwa kimemweka mahali sahihi. Aliyemkosesha ni imani kwamba Kiingereza ni Kiswahili kilichokatwa mkia.

Ninawalaumu kidogo walimu, nami nikiwamo. Tuseme wazi tunachokitolea jasho darasani. Mtoto akichanganya r na l tunamcheka na kumsimamisha mbele ya wenzake, ingawa kosa hilo mara chache humzuia mtu kueleweka, kwa kuwa maneno yanayolizunguka humsaidia msikilizaji. Na tunapofundisha mkazo, kama tunaufundisha, tunakimbilia yale maneno pacha: zawadi ni PRE-zent, kutoa ni pri-ZENT, kumbukumbu ni RE-kod, kurekodi ni ri-KOD. Watoto huyakariri kama wimbo. Lakini maneno pacha ni machache, na msikilizaji huyatofautisha kwa sentensi yenyewe. Cutler huyohuyo alionyesha mwaka 1986 kwamba pale ambapo mkazo peke yake unahama bila irabu kubadilika, hauleti tabu kubwa kwa Mwingereza. Tabu huja mkazo unapohama pamoja na irabu.

Hilo la irabu linahitaji kufafanuliwa, kwa sababu ndilo lisilosemwa. Katika Kiswahili kila irabu hupata haki yake. A ni a popote ilipo, iwe imekazwa au haikukazwa. Kiingereza hakina haki hiyo. Silabi iliyokazwa huwa ndefu, sauti hupanda na irabu yake hutamkwa kamili. Zilizobaki hufinywa, irabu zake hufifia hadi kuwa sauti fupi isiyo a wala e, na nyingine humezwa kabisa. Ndiyo maana mboga ni VEJ-ta-bo, silabi tatu tu, ilhali sisi tunazihesabu nne kutokana na maandishi na kusema ve-je-TE-bo. Hapo mkazo umehama silabi mbili kwenda kulia, na irabu mbili zilizopaswa kuwa dhaifu zimepewa nguvu. Msikilizaji hapati cha kushika.

Kwa hiyo kukaza si kupaza sauti. Nilipokaa na mpwa wangu tukalishughulikia neno lake, jambo la kwanza lilikuwa kumwachisha kelele. Tulifungua kamusi ya Kiingereza aliyoitumia shuleni. Ndani ya matamshi, mbele ya silabi yenye mkazo, huwekwa kistari kidogo kilichosimama juu ya mstari. Alikuwa ameishi na kamusi hiyo miaka minne na hajawahi kuuliza kistari kile ni cha nini. Kisha nikamwambia aivute silabi ya kwanza kama anayeita mtu ng'ambo ya mto, na zile mbili azipitishe haraka: AAAP-i-tait. Akaona haya, akacheka, akasema, "Mjomba, naona kama naigiza sinema." Nikamwambia aendelee. Mara ya kumi haya ikaisha. Lafudhi yake haikubadilika hata chembe. Ni sauti ya kijana wa Kahe kuanzia mwanzo hadi mwisho, isipokuwa uzito umekaa mahali pake.

Na hiyo hoja kwamba mkazo haufundishiki kwa sababu kanuni zake ni ngumu? Kanuni zote kwa pamoja ni ngumu, sikatai. Lakini hatuzihitaji zote. Tazama maneno niliyoyataja humu: AP-i-tait, OK-si-jen, AL-ti-tyud, AM-byu-lans. Ongeza HOS-pi-tal na i-MA-jen-si. Yote mkazo wake uko silabi ya tatu kutoka mwisho, hatua moja tu nyuma ya pale tulipozoea kuuweka. Maneno yaishiayo na "iti" karibu yote yako hivyo: a-BI-li-ti, yu-ni-VA-si-ti, e-lek-TRI-si-ti. Masomo ya shule yaishiayo na "loji" na "grafi" nayo ni hivyo: bai-O-lo-ji, ji-O-gra-fi. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza aweza kuelezwa haya katika kipindi kimoja, akaondoka na mamia ya maneno. Yale yaishiayo na "shen" hayahitaji hata kufundishwa, maana mkazo wake uko pili kutoka mwisho kama wetu: e-du-KEI-shen. Ndiyo maana hayo hatuyakosei. Si kanuni ya kumaliza kila neno, ndizi ni ba-NA-na na nyanya ni to-MA-to, lakini kwa neno refu usilolijua, kuweka mkazo hatua moja nyuma ni dau zuri kuliko mazoea yetu.

Wenzetu ng'ambo ya Taveta wamelipa jambo hili nafasi. Katika mtihani wa Kiingereza wa kidato cha nne wa Kenya, kuna sehemu ya stadi za kuzungumza ambamo mtahiniwa huweza kutakiwa kuonyesha silabi yenye mkazo. Anajibu kwa kuandika tu, na si kipimo kamili cha mdomo wake, lakini angalau mtoto anajua kwamba silabi hiyo ipo na ina alama zake. Kwetu mtihani ni wa sarufi, insha, ufahamu na fasihi, na kisichoulizwa hakifundishwi. Kijana anamaliza kidato cha nne akiwa na maneno elfu kadhaa ya Kiingereza aliyoyaona kwa macho, na hajui hata moja uzito wake uko wapi. Kisha tunampandisha mlimani kuulizia afya za watu, au tunamweka mapokezi hospitalini, na asipoeleweka tunamwambia Mzungu ana dharau.

Maneno ya kufariji yamemkosesha kijana huyo kitu ambacho angeweza kukipata. Aliyemwambia "lafudhi yako haina kosa" alisema kweli. Aliyeishia hapo amemwacha aendelee kupiga kelele kwenye silabi isiyo yake.

Walimu wenzangu wa Kahe, Himo na Moshi mjini, ninawaomba jambo moja. Kila neno jipya la Kiingereza mnaloandika ubaoni, lenye silabi tatu au zaidi, pigeni mstari chini ya silabi yenye mkazo kabla darasa halijalitamka. Ni chaki kidogo sana. Mpwa wangu amepanda tena Marangu na wageni sita. Kila jioni amewauliza kuhusu hamu ya kula, na kila mmoja amemjibu mara ya kwanza.